Mashuka, kitambaa cha ukutani au mito: uanze na kipi kwenye chumba ambacho huruhusiwi kupaka rangi

Wapangaji wenzangu wa Dar, nadhani hii hali mnaijua. Umelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, ukamlipa na dalali mwezi wake mmoja, ukabeba godoro kwenye bajaji, alafu unafungua mlango wa chumba chako kipya unakuta kuta za kijani ile ya mpauko, na kwenye mkataba imeandikwa mpangaji haruhusiwi kupaka rangi wala kupigilia misumari. Mi nilijaribu kuomba. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama, nilikuwa naomba nipake ukuta mmoja tu kwa gharama zangu." Akaniambia, "Marahaba mwanangu, kila mpangaji akipaka yake hii nyumba itakuwa kama kibao cha saluni, rangi ni hiyo hiyo." Yakaisha.

Kwa hiyo hela iliyobaki, ambayo kwa kweli haikuwa nyingi, ilibidi niigawe kwenye vitu vya nguo: mashuka, kitambaa cha kuning'iniza ukutani, na mito ya mapambo. Nilianza vibaya, nikanunua mito kwanza kwa sababu ndo inavutia dukani, na chumba kikabaki vile vile. Ndo maana naandika huu ulinganisho, mtu mwenye chumba kimoja na hela ya kitu kimoja kwa wakati ajue aanze na kipi.

Tuanze na vipimo vya chumba chenyewe, maana jibu karibu lote liko hapo. Changu ni futi 10 kwa 12, yaani futi za mraba 120, na kitanda ni tano kwa sita ambacho kinakula futi za mraba 30. Robo ya chumba ni kitanda! Ukisimama mlangoni jicho linatua pale kabla halijafika kwingine. Sasa chukua ukuta wa nyuma ya kitanda, upana futi 10 na kimo kama futi 9, ni futi za mraba 90, na khanga moja ukiitandaza inafunika kama 18 hivi, yaani moja ya tano ya ukuta huo. Alafu chukua mito minne ya inchi 18 kwa 18, ambayo ni saizi ya kawaida ya kusheni. Yote minne kwa pamoja ni futi za mraba 9 tu, na hiyo 9 yenyewe haiongezi kitu kipya, inakaa juu ya kitanda ambacho tayari umekitandika. Nilipopiga hii hesabu nikaelewa kwa nini mito yangu mizuri iliyokaa juu ya shuka lililochakaa ilikuwa inaonekana kama imesahauliwa pale na mtu.

Kwa hiyo mashuka ndo yanaongoza kwa kubadilisha sura, lakini ndo pia watu wanakosea kununua kuliko yote, na kosa lenyewe mara nyingi ni saizi. Mtu ana kitanda cha tano kwa sita anauziwa shuka la saba kwa nane anaambiwa hilo linatosha kabisa. Linatosha kutegemea na godoro lako lina unene gani. Piga hivi: futi 5 ni inchi 60, godoro la inchi 8 linashuka 8 kila upande, jumla 76. Shuka la futi 7 lina inchi 84, zinabaki 8, yaani 4 za kuchomeka huku na 4 kule. Hapo linakaa, sio kwa kujivunia lakini linakaa. Ukiwa na godoro la inchi 10 zinabaki inchi 2 tu kila upande na hilo shuka utakuwa unalichomeka kila asubuhi, ukigeuka usiku mara moja limeshatoka na kona ya godoro inachungulia. Na kitanda chenye kona ya godoro inayochungulia hakiokolewi na mto wa aina yoyote. Kwa hiyo kabla hujatoka kwenda Kariakoo pima unene wa godoro lako, usimwambie muuzaji tano kwa sita peke yake, mwambie na inchi.

Kitu cha pili kwenye mashuka ni kitambaa chenyewe. Kuna yale yanayong'aa sana, ya maua makubwa, laini kama hariri ukiyashika dukani, mengi ni poliesta. Kwa picha yanapendeza. Kwa kulala Dar mwezi wa pili ni mateso, jasho haliendi popote linabaki kati yako na shuka. Wengine wanakuambia ni pamba na mkononi huwezi kujua. Omba uzi mmoja kwenye pindo, au ukishanunua pisi moja ya kujaribia chomoa uzi nyumbani, uchome na kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi iliyoungua na majivu yake ukiyagusa yanasagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kubaki kitone kigumu cheusi. Ikitoka vyote viwili, majivu na kitone, ni mchanganyiko, na mchanganyiko sio mbaya kwa kweli maana haukunjamani sana na unakauka haraka kipindi cha mvua za masika.

Kuhusu duveti mi nasema wazi, kama uko Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote pwani usinunue duveti nene kwa ajili ya muonekano. Utalitandika mchana, usiku utalitupa chini au kwenye kiti, na chumba cha futi 10 kwa 12 hakina sehemu ya kuweka duveti usiku. Walioko Njombe, Mbeya, Arusha nyie hesabu yenu ni nyingine, kwenu duveti linafanya kazi mbili na hela yake inarudi. Kwetu huku kinachofanya kazi ileile ya kukipa kitanda uzito machoni ni shuka la rangi moja iliyokolea, alafu kikoi kimekunjwa kirefu kimelazwa miguuni. Kikoi kina urefu kama sentimita 170 na kitanda cha futi 5 ni sentimita 152, kwa hiyo kinapita upana wote na kuning'inia kidogo kila upande, kama kimekatwa kwa ajili hiyo. Usiku unakitoa unakitundika nyuma ya mlango, au unajifunika miguu.

Rangi gani? Hapa ndo ukuta usioupenda unarudi. Kosa nililoliona kwangu na kwa marafiki zangu ni kununua rangi za kupambana na ukuta, mtu ukuta ni kijani mpauko ye anatandika pinki kali ili kijani kisionekane, kinachotokea kijani kinaonekana mara mbili. Inasaidia zaidi kutafuta kitambaa chenye maua au mistari ambayo ndani yake ile rangi ya ukuta ipo kidogo tu, alafu rangi kubwa iwe nyingine. Mi nilienda dukani na picha ya ukuta kwenye simu nikaona rangi ya kwenye simu inadanganya, safari ya pili nikabeba kipande cha plastiki, mfuniko wa ndoo niliokuwa nao ndani ambao ulikuwa umefanana kabisa na ukuta, nikawa nauweka juu ya kila kitambaa. Muuzaji alishangaa lakini ilisaidia. Nikachukua mashuka ya rangi ya udongo mwekundu, bila maua, na maua nikayaacha kwa ajili ya ukutani.

Sasa ukutani, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kwenye hatari ya kukatwa hela ya tahadhari.

Watu wengi wanakimbilia gundi ya pande mbili au selotepu pana. Mi nilibandika kitambaa kwa gundi ya pande mbili kwenye chumba nilichokaa kabla ya hiki, kikakaa wiki mbili, siku moja mchana wa joto kikaanguka chenyewe na kona moja ikaondoka na rangi pamoja na lipu nyembamba ya juu, kipande saizi ya kiganja. Nililipa. Kumbe kuna njia ya kujua kabla. Chukua kitambaa cheusi kilicholowana kidogo, sugua ukuta sehemu iliyojificha, nyuma ya mlango kwa mfano. Kikitoka na unga mweupe au wa rangi ya ukuta, hiyo ni rangi ya maji hafifu au iliyozeeka, gundi itashika ule unga na sio ukuta, kwa hiyo itaanguka, au itashika rangi kuliko rangi inavyoshika lipu, na itaibandua. Kama kitambaa kimetoka kisafi na ukuta unateleza kidogo mkononi, hiyo ni rangi ya mafuta, na nyumba nyingi za kupanga zimepakwa ya mafuta nusu ya chini na ya maji nusu ya juu. Shida ni kwamba kitambaa unakitundika juu, na juu ndo pabaya.

Basi nini kifanyike? Jibu langu liko kwenye kitu ambacho wengi wetu tayari tunacho: stendi ya chandarua. Ile ya vyuma vinne inayofungwa kwenye kona za kitanda na vyuma vya juu vinavyounganisha. Ule upande wa kichwani una nguzo mbili na chuma cha juu, yaani ni fremu kamili, imesimama yenyewe, haigusi ukuta na ina upana wa kitanda. Na khanga moja ina upana wa kama sentimita 150, kitanda cha tano kwa sita kina 152. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu chumbani.

Nilivyofanya ni hivi. Nilinunua doti moja ya khanga, nikaifua kwanza kabla ya kitu chochote. Hili usiliruke, khanga mpya ina wanga unaoifanya ikakamae na pamba yake inaweza kurudi ikifuliwa, ukishona kabla hujafua mkunjo unakuja kupindapinda baadaye. Na ifue peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu mpaka maji yatoke safi, hasa zenye nyekundu na nyeusi. Ikikauka nikaikata katikati zikawa mbili, nikampelekea fundi cherehani akanikunjia pindo pande zilizokatwa, na kwenye moja akanishonea juu mkunjo mpana wa inchi 2, wazi pande zote mbili, wa kupitisha chuma. Huo mkunjo ukilala upande mrefu wa khanga ndo inakaa kwa upana. Nyumbani nikafungua chuma cha juu cha upande wa kichwani, nikakiingiza kwenye mkunjo, nikakirudisha. Chini kwenye kona mbili nikashona vijikamba vya kitambaa nikavifunga kwenye nguzo ili feni isiipeperushe. Dakika ishirini, hakuna msumari hata mmoja.

Angalia tu mpangilio: khanga iwe nje ya chandarua, kati ya chandarua na ukuta, sio ndani. Ikiwa ndani utalala nayo puani na mbu wanapenda kujificha kwenye mikunjo ya kitambaa chenye kivuli. Mchana ukifunga chandarua kwenye nguzo za pembeni khanga inaonekana yote, usiku ukikishusha inaonekana kwa mbali kupitia ule weupe, na kusema kweli huo ndo wakati naupenda zaidi.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni ile nafasi ya inchi tatu nne kati ya khanga na ukuta. Chumba kikiwa na unyevu, na vingi vinao hasa vilivyopakana na bafu, kitambaa kilichogusa ukuta moja kwa moja kinashika vidoti vyeusi vya kuvu kwa nyuma na unakuja kujua kwa harufu. Ukiona chini ya ukuta kuna unga mweupe kama chumvi, au rangi imevimba malengelenge, ukuta huo una maji ndani na usiuvalishe kitu cha kuugusa, hata kama mwenye nyumba angekuruhusu misumari mia.

Wasio na stendi, wenye chandarua cha duara kinachoning'inia darini, mtengenezewe na seremala fremu nyepesi: mbao mbili za kusimama za inchi 2 kwa 1 zenye urefu wa futi 6 na nusu na moja ya kulala juu ya futi 5. Inasimama nyuma ya kitanda, unakisukuma kitanda kikaibana, na chini unaifunga na miguu ya kitanda kwa kamba. Kwangu juu ya godoro ni kama futi 2 kutoka sakafuni, na khanga ikilala kwa upana inashuka kama futi 3 na nusu, kwa hiyo inafika karibu na mito bila kulalia. Gharama inapanda lakini bado fremu unahama nayo.

Neno moja kuhusu kuchagua khanga yenyewe. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno. Mwilini jina halisomwi na kila mtu, ukutani linasomwa na kila anayeingia, mama mkwe, mchungaji, fundi wa feni na mwenye nyumba akija kuchukua hela ya umeme. Kuna yale majina ya vijembe, chukulia "Hasidi hana sababu", sasa jirani unayechangia naye mita akiingia kukopa chumvi akaliona juu ya kitanda chako atajua ni yeye. Mi yangu imeandikwa "Wema hauozi" na haijamgusa mtu. Na kama khanga haikukai moyoni, kitenge kinafaa vile vile ila kina upana wa kama inchi 44 mpaka 46, kwa hiyo unakata yadi moja na robo tatu, unakilaza, na kitashuka karibu sawa na khanga. Mji wa khanga una picha moja kubwa katikati na pindo linaizunguka kama fremu, ndo maana naiona inakaa vizuri zaidi ukutani. Kitenge maua yanajirudia tu, hakina mwanzo wala mwisho, kinanifaa zaidi kwenye mito.

Tukija kwenye mito sasa. Sijasema haifai. Nasema ni ya mwisho kwa mtu mwenye kitanda tu chumbani. Kama wewe chumba chako kina kochi au umetandika godoro la chini kama majlisi, au wageni wako wote wanakaa kitandani na kuegemea ukuta, hesabu inageuka, hapo mito inapanda juu ya kitambaa cha ukutani, maana inabadilisha sura na pia mgongo wa mgeni haupaki mafuta ya nywele kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Kuna rafiki yangu Magomeni amekatwa hela kwa ajili ya alama ya vichwa ukutani, kweli kabisa.

Usinunue mto uliokamilika, nunua wa ndani na kava mbali mbali. Wa ndani kuna wa sponji nzima, wa vipande vya sponji, wa pamba ya poliesta na wa usufi. Vipande vya sponji ni rahisi bei ila baada ya miezi unavihisi kama mawe na mto unapata mabonde. Pamba ya poliesta ndo ya kati kwa kati, inafulika, inakauka. Usufi mi naupenda kuliko yote, ni mwepesi na wa baridi, lakini haufuliwi, ukilowana unajikusanya mabonge, unauanika tu juani na kuupiga piga, na lazima mfuko wa ndani uwe kitambaa kilichofumwa kwa kubana kama bafta, la sivyo nyuzi zinatoka na kukujaa nguoni. Sponji nzima ukiifua kipindi cha masika itakaa na maji siku nne na kunuka. Na wa ndani uwe mkubwa kuliko kava kwa inchi 2, kava la inchi 18 mto wa 20. Hapo ndo kona zinajaa. Mito mingi inayoonekana ya huzuni kwenye vyumba vyetu sio mibaya, ni saizi sawa na kava lake basi kona zinabaki zimelegea kama masikio.

Kava unaweza kushonesha kwa kitenge bila zipu, nyuma vipande viwili vinapandana. Kwa kava moja la inchi 18 unahitaji kipande cha mbele 19 kwa 19 na vya nyuma viwili vya 19 kwa 13. Ukijumlisha kwa upana, 19 na 13 na 13, ni 45. Ukipata kitenge cha inchi 46 vinakaa mstari mmoja kwa upana, yaani kila kava linakula inchi 19 tu za urefu na karibu hakuna kinachotupwa. Mapindo ya nyuma ya inchi moja moja yakishatolewa vinapandana kama inchi 5, mto hauchungulii. Mito minne ni inchi 76, yaani yadi 2 na kidogo, nunua yadi 2 na nusu kwa ajili ya makosa ya fundi. Pima upana dukani kwanza kwa sababu kikiwa 44 hesabu inavunjika, itabidi vya nyuma viwe vya 12 na vipandane inchi 3 tu.

Tahadhari moja ambayo inagusa vyote vitatu: kunguni. Mito ya mitumba ya Karume au Ilala ina kava nzuri sana, chukua kava, acha cha ndani. Angalia mishono kwa tochi ya simu, vidoti vidogo vyeusi kama wino vimejipanga kwenye mshono ni dalili. Kava na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kwenye mishono. Hata khanga ya nyuma ya kitanda usiiache inagusa ukuta na godoro kwa wakati mmoja, itakuwa daraja la kunguni wa chumba cha pili.

Kwa kazi ya kuendelea navyo, mashuka yanafuliwa kila wiki kwa hiyo unahitaji seti mbili za rangi zinazokubaliana na ukuta, na hilo linaongeza gharama ambayo watu hawaihesabu. Khanga ya ukutani mi naitoa kila baada ya miezi miwili kwa sababu ya vumbi, chuma kinatoka, inafuliwa asubuhi na jioni imerudi. Kama dirisha lako linapokea jua la mchana moja kwa moja kwenye ule ukuta, itapauka, na upande mmoja utapauka kabla ya mwingine. Ndo maana sikuuza ile pisi ya pili ya doti, nazibadilisha zamu kwa zamu ili zizeeke pamoja. Kava za mito ni mara moja kwa mwezi kama hakuna mtoto.

Mi ningepewa tena ile hela iliyobaki baada ya kodi, nusu yake ningeweka kwenye seti moja ya mashuka mazuri ya pamba ya saizi sahihi, robo kwenye doti ya khanga pamoja na fundi, na robo ningeishikilia mpaka mwezi unaofuata ninunue seti ya pili ya mashuka ya bei nafuu kidogo. Mito ingesubiri mwezi wa tatu. Lakini kama ukuta wako ndo unakunyima raha kabisa, una madoa ya mpangaji aliyepita au rangi mbili zilizokutana vibaya katikati, anza na khanga, maana ndo ya bei ndogo kati ya vyote na inaziba palepale jicho linapoumia. Mwenye kochi aanze na mito na mashuka, ukutani asubiri.

Juzi mama mwenye nyumba alikuja na kitabu chake cha umeme, akasimama mlangoni akaangalia muda mrefu kuelekea kitandani. Akaniuliza, "Umepiga misumari?" Nikanyanyua pindo la khanga nikamwonyesha nyuma, kijani chake kiko vile vile. Akasogea akaishika ile khanga kwa vidole viwili, akasoma jina, akaniuliza doti nimenunua wapi.